Kwa nini ishara za M1 zinalipa kwenye chati lakini zinayeyuka ukihesabu spredi na slipeji?

Chati_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa tarakimu, kwa sababu nimesoma majibu mengi ya "scalping ni ngumu" na hayanisaidii kujua pesa inapotelea wapi.

Mfumo wangu ni mwepesi. EURUSD, chati ya dakika moja, RSI(14). Mshumaa ukifunga RSI ikiwa imeshuka chini ya 25, nanunua mshumaa unaofuata unapofunguka. Kwa kuuza ni hivyohivyo kwenye 75. TP pipsi 4, SL pipsi 4. Nikipitisha sheria hizi kwenye data ya mishumaa, mfumo unashinda 56%. Yaani kwa wastani kila biashara inaacha 0.56 × 4 kutoa 0.44 × 4, ambayo ni pipsi 0.48.

Broka anatangaza spredi ya wastani ya pipsi 0.8. Kwa hiyo nilitegemea hasara ya kama 0.3 kwa kila biashara, na nilifikiri nikichuja ishara kidogo nitavuka. Lakini akaunti halisi inaonyesha hasara ya karibu pipsi 0.9 kwa biashara moja, na ushindi wenyewe umeshuka hadi kama 43%. Maswali yangu ni mawili. Spredi ni gharama, sawa, lakini kwa nini inapunguza *asilimia ya ushindi*? Na hiyo tofauti kati ya 0.3 na 0.9 imetoka wapi?

Pipsi_Kumi

Mkuu, hapo tatizo ni aina ya akaunti tu. Akaunti ya kawaida haifai kwa skalpa. Fungua akaunti ya spredi ghafi, ile inayoanzia 0.0, na huo mfumo wako wa 56% utafanya kazi vizuri. Wengi wanaojiita wameshindwa kwenye M1 walikuwa wanalipa spredi ya watu wa H4.

Mshale_Kijani

Pole sana ndugu. Ishara kuyeyuka ni ugonjwa wa indiketa zinazojichora upya. Mimi pia nilikuwa na ile ya mishale, unaona mshale wa kununua, unaingia, baada ya mishumaa miwili mshale haupo tena. Itoe kabisa, tumia EMA 9 na EMA 21, hizo hazidanganyi.

Chati_Wazi

Asante ndugu Mshale, ila siyo hilo. RSI ikishafunga mshumaa haibadiliki. Ishara zipo palepale hadi leo ukifungua chati, na kwenye chati bado zinaonekana zimeshinda. Kinachoyeyuka ni faida.

Tiki_Moja

Chati_Wazi, umeuliza swali zuri na umeleta namba, kwa hiyo nitajibu kwa namba zako hizo. Nianze na asilimia ya ushindi, maana hapo ndipo watu wengi hukosea hata kabla ya kufika kwenye slipeji.

Mishumaa unayoiona kwenye MT4 na MT5 kwa forex imechorwa kwa bei moja tu, ile iliyoandikwa Bid, yaani bei ambayo wewe unauzia. Ukinunua, unanunua kwa Ask, ambayo iko juu ya mshumaa. Sasa weka TP pipsi 4 na SL pipsi 4 kutoka pale uliponunua. Biashara yako itafungwa na Bid, na wakati unaingia, Bid tayari iko pipsi 0.8 chini yako. Kwa hiyo ili ufike TP, chati inatakiwa ipande pipsi 4.8. Ili upigwe SL, chati inatakiwa ishuke pipsi 3.2 tu.

Chukua bei isiyo na mwelekeo wowote. Bila spredi ungeshinda nusu. Kwa umbali wa 4.8 juu na 3.2 chini, nafasi ya kugusa juu kwanza ni 3.2 gawa kwa 8, yaani 40%. Spredi ya 0.8 imekula asilimia 10 za ushindi wako kabla indiketa haijasema lolote. Ondoa hizo kwenye 56% unapata 46%, na 46% kwa TP na SL zinazolingana ni hasara ya pipsi 0.32. Ni ileile 0.3 uliyoitegemea. Gharama haiji kama makato pembeni, inakuja kama biashara zilizopaswa kufika TP zikaishia SL.

Kwa maana nyingine, ili mfumo wako usipate hasara wala faida kwa spredi hiyo, unatakiwa ushinde 60% kwenye chati isiyo na spredi. Hapo bado hatujagusa slipeji.

Dada_Loti

Hii imenigusa. Mimi nauza sana XAUUSD na mara kwa mara SL yangu inapigwa wakati mshumaa haujafika pale. Nimeweka picha za skrini, mkia wa mshumaa uko chini kabisa ya SL yangu, lakini biashara imefungwa. Nilishamwandikia broka barua kali. Kumbe ndiyo hii?

Tiki_Moja

Inawezekana kabisa dada. Ukiuza, unafunga kwa kununua, kwa hiyo SL yako inaangaliwa na Ask, na Ask haichorwi kwenye mishumaa. Bonyeza F8 kwenye jukwaa, washa mstari wa Ask, utauona ulipo sasa hivi. Hautakuonyesha ulipokuwa wakati ule, kwa hilo unahitaji historia ya tiki. Kwenye MT5 fungua Symbols, kisha Ticks, chagua dakika ile, usome safu ya Ask. Kama ilifika kwenye SL, biashara ilifungwa kihalali. Kama haikufika, barua yako ina msingi.

Pipsi_Kumi

Sawa, lakini yote haya yanathibitisha nilichosema. Spredi ikiwa 0.0 hakuna 4.8 na 3.2, ni 4 kwa 4. Tatizo limekwisha.

Tiki_Moja

Mkuu, nusu ya hoja yako ni kweli: spredi ghafi inafanya SL na TP zipigwe karibu na pale unapopaona. Ila soma upande wa kamisheni. Kiwango cha kawaida ni kama dola 7 kwa loti moja, kuingia na kutoka. Kwenye EURUSD pipsi moja ya loti moja ni dola 10, kwa hiyo hiyo ni pipsi 0.7. Ongeza spredi yenyewe, ambayo "inaanzia" 0.0 lakini haikai 0.0, tuseme 0.2 kwa saa zenye wauzaji na wanunuzi wengi. Umefika 0.9. Kwake yeye mwenye 0.8 ya akaunti ya kawaida, hapo hajaokoa kitu. Anayelipa kamisheni ya nusu ya hiyo atakuwa na 0.55 hivi, na mfumo wa 0.48 bado uko chini ya maji.

Chati_Wazi

Nimeelewa kuhusu ushindi. Bado swali la pili. Toka 0.3 hadi 0.9 ni mara tatu.

Tiki_Moja

Hapa ndipo pana utamu, na ndipo naona watu hawaangalii.

Unasema spredi ya wastani ni 0.8. Wastani wa lini? Wa siku nzima. Lakini wewe huingii siku nzima, unaingia RSI inapovuka 25 au 75. Kinachotakiwa ni spredi ya *sekunde zile tu*. Na kwa mfumo wako, ishara na spredi pana vinaitana.

Angalia mfano huu. Bid ni 1.08502, Ask ni 1.08508, katikati ni 1.08505. Sasa watoa bei wanaogopa kitu kwa muda mfupi, wanapanua spredi kutoka 0.6 hadi 2.0, lakini bei ya katikati haijasogea hata kidogo. Bid inakuwa 1.08495 na Ask 1.08515. Soko halijashuka. Chati yako lakini imeshuka pipsi 0.7, kwa sababu inachora Bid peke yake, na kwenye M1 ya saa tulivu pipsi 0.7 inatosha kuisukuma RSI chini. Dakika inayofuata spredi inarudi 0.6 na Bid inarudi 1.08502. Kwenye data ya mishumaa umenunua 1.08495 na bei imekupandia pipsi 0.7, "RSI imefanya kazi". Kwenye akaunti umenunua 1.08515 na sasa unaweza kuuza 1.08502, uko chini pipsi 1.3.

Hapo hakukuwa na ishara yoyote iliyopotea. Indiketa ilikuwa inasoma kupanuka kwa spredi na kuliita jambo hilo kushuka kwa soko. Faida uliyoiona kwenye jaribio ilikuwa spredi yenyewe ikitazamwa upande mmoja.

Kuna dalili mbili za haraka. Kwanza, hesabu ishara zako za kununua na za kuuza kwa kipindi kirefu. Spredi ikipanuka inaivuta Bid chini, kwa hiyo uongo huu mara nyingi huzalisha ishara nyingi zaidi za kununua. Pili, zipange kwa saa. Zikijaa karibu na saa 11 jioni ya New York, wakati siku ya benki inageuka na spredi zinafumuka, au dakika chache kabla ya habari kubwa kama ajira za Marekani saa 2 na nusu asubuhi ya New York, ujue unachokisoma.

Mzee_wa_H1

Vijana, mnachimba sana. Bei haisogei sawasawa na muda, inasogea kwa kipeuo cha pili cha muda. Saa moja ina dakika 60, kipeuo chake ni kama 7.7. Kwa hiyo mwendo wa kawaida wa H1 ni karibu mara nane ya M1, lakini spredi ni ileile. Weka TP 30 na SL 30, gharama ya pipsi 1 inakudai ushindi wa chini ya 52%. Kwa 4 na 4, gharama hiyohiyo inakudai zaidi ya 62%. Hamia H1 ulale.

Tiki_Moja

Mzee wangu shikamoo. Hesabu yako ni sahihi na ningependa kila skalpa aiweke mezani. Ila H1 inapunguza mzigo tu, haileti faida. RSI iliyompa 56% kwenye M1 si lazima impe hata 51% kwenye H1. Ni soko lingine, na sehemu ya ile 56% huenda ni Bid kucheza, ambayo kwenye H1 inakuwa ndogo mno kuonekana.

Mzee_wa_H1

Marahaba. Hilo sikatai. Lakini bora kutafuta mahali ambapo ukikipata kitu, kinabaki mkononi.

Chati_Wazi

Tiki_Moja, nipe namna ya kupima. Nina data ya tiki yenye Bid na Ask.

Tiki_Moja

Chukua Bid na Ask ya mwisho ya kila dakika. Kokotoa RSI mara mbili, mara ya kwanza kwa Bid kama chati inavyofanya, mara ya pili kwa bei ya katikati. Kisha pima matokeo ya kununua baada ya dakika tano kwa njia mbili:

```python
mid = (df.bid + df.ask) / 2
rsi_bid = rsi(df.bid, 14)
rsi_mid = rsi(mid, 14)
chati = df.bid.shift(-5) - df.bid
kweli = df.bid.shift(-5) - df.ask
spredi = df.ask - df.bid
```

`rsi` ni fomula yako uliyoizoea. Usiweke TP wala SL kwanza, zitakuchanganya. Angalia mambo matatu kwenye safu zenye ishara peke yake. Wastani wa `spredi` ukilinganisha na wa siku nzima. Ishara ngapi za `rsi_bid` hazipo kwenye `rsi_mid`. Na wastani wa `kweli` kwa zile zilizobaki.

Kuhusu slipeji, usikisie, andika. Roboti yako isome `SYMBOL_ASK` inaponunua, au `SYMBOL_BID` inapouza, kabla ya `OrderSend`, halafu ilinganishe na bei ya dili. Ukikuta `res.price` ni sifuri, ita kwanza `HistoryDealSelect(res.deal)`, kisha isome kwa `HistoryDealGetDouble(res.deal, DEAL_PRICE)`. Tenganisha makundi matatu: kuingia, kutoka kwa SL, kutoka kwa TP. TP kwa kawaida hutekelezwa kama oda ya limiti, haitakupa bei mbaya zaidi ya uliyoweka. SL ikiguswa inageuka oda ya soko na kuchukua bei iliyopo. Kwa hiyo kwenye kutoka wanaoteleza ni wale wanaopoteza, na washindi hawatelezi. Ukiziweka pamoja wastani utakuficha hilo.

Kaka_Subira

Naomba niingie. Mimi siingii kwa oda ya soko kabisa. Ishara ikitoka naweka limiti pipsi moja chini ya mshumaa, nasubiri. Slipeji sifuri, na nanunua kwa bei nafuu. Kwenye majaribio yangu hii inageuza mfumo wa hasara kuwa wa faida. Kwa nini hamuizungumzii?

Tiki_Moja

Kwa sababu jaribio la mishumaa linakupa oda ambazo soko halikukupa, kaka. Limiti yako ya kununua inajazwa na Ask. Jaribio lako linaangalia kama mshumaa umegusa bei yako, yaani Bid. Ili Ask ifike pale, Bid lazima ishuke spredi nzima zaidi. Sasa fikiria biashara zinazokosekana hapo: ni zile ambazo bei iligusa kidogo na kugeuka juu. Hizo ndizo washindi wako bora. Zile zilizopita moja kwa moja kwenda chini zote umejazwa, kila moja. Kwenye karatasi una aina zote mbili, kwenye akaunti una walioshindwa wote na baadhi tu ya walioshinda.

Kaka_Subira

Hiyo naikubali kwa jaribio la mishumaa. Lakini mimi nilijaribu pia kwa `Every tick based on real ticks`, ambayo ina Bid na Ask halisi. Faida ilipungua, haikuisha.

Tiki_Moja

Hapo uko mbali kuliko wengi. Swali langu litakuwa: sehemu ya Delays uliiacha kwenye utekelezaji usio na ucheleweshaji? Weka ucheleweshaji wa nasibu urudie. Limiti ikichelewa kufika kwenye seva, na bei ikawa imeshapita, hali ni nyingine. Ikibaki faida, basi nami nataka kuiona ikitembea kwenye akaunti halisi ndogo, kwa sababu kifaa cha majaribio hakijui kama kuna mtu aliyetaka kukuuzia pale.

Mshale_Kijani

Wakuu, demo yangu haina slipeji kabisa. Hiyo si dalili kwamba broka wangu ni mzuri?

Dada_Loti

Ndugu, demo haipeleki oda kwa mtu yeyote. Mimi kwenye demo ya dhahabu najazwa bei ileile hata wakati wa habari, kwenye akaunti halisi dakika hiyohiyo sijazwi hivyo. Demo inakuonyesha mfumo, haikuonyeshi kujazwa.

Chati_Wazi

Nimerudi na matokeo.

Spredi ya wastani siku nzima kweli ni 0.8. Kwenye dakika za ishara ni 1.0. Ishara za kununua ni nyingi kuliko za kuuza, na sehemu kubwa ya tofauti imekaa kwenye saa ya kugeuka kwa siku, kama Tiki_Moja alivyosema. Nikikokotoa RSI kwa bei ya katikati, karibu ishara zote za saa hiyo zinatoweka.

Slipeji: kuingia nalipa wastani wa 0.2. SL inateleza 0.3. TP sifuri.

Nikiziweka pamoja, 0.48 toa spredi 1.0 ni hasara ya 0.52. Toa 0.2 ya kuingia, ni 0.72. Spredi ya 1.0 imeshusha ushindi hadi 43.5%, kwa hiyo 56.5% ya biashara zinafungwa na SL, na kila moja inateleza 0.3, hiyo ni 0.17 nyingine. Jumla hasara ya 0.89. Akaunti ilisema karibu 0.9. Kila kitu kimepata mahali pake.

Nilipoondoa saa ya kugeuka kwa siku na nusu saa kuzunguka habari kubwa, na kutumia bei ya katikati, kilichobaki ni faida ya kama pipsi 0.3 kabla ya gharama, katika saa za London na New York kwa pamoja. Inaonekana si uongo wa Bid, kwa sababu ipo kwa kununua na kwa kuuza karibu sawa.

Pipsi_Kumi

Basi hapo ndipo spredi ghafi yenye kamisheni ndogo inaingia! 0.3 hiyo ipo, tafuta gharama iliyo chini yake.

Tiki_Moja

Kamisheni peke yake lazima iwe chini ya dola 3 kwa loti kwenda na kurudi, spredi sifuri, na asiteleze. Sijaona akaunti ya mtu wa kawaida ikikaa hapo.

Chati_Wazi, kabla hujatafuta broka, fanya jambo moja zaidi na hiyo 0.3. Isogeze bei ya kuingia kwa sekunde moja baada ya mshumaa kufunga, kisha sekunde tano, kisha sekunde thelathini. Kama 0.3 inaisha ndani ya sekunde ya kwanza, basi ni ya wenye seva karibu na soko, na utakuwa unailipa kama slipeji kila mara. Kama bado ipo baada ya sekunde thelathini, hiyo ni habari tofauti kabisa, na pengine hata limiti ya Kaka_Subira ina pa kuingilia.

Kaka_Subira

Hapo umenifikia. Mimi narudia jaribio langu na ucheleweshaji wa nasibu. Chati_Wazi, ukipata namba za sekunde thelathini ziweke hapahapa, zigawe kwa kununua na kuuza.

Chati_Wazi

Sawa kaka. Naanza na hilo.